"Ijumaa ijayo" ni tarehe ngapi? Dhana potofu kuhusu boti za kuweka miadi

Tuseme ujumbe umeingia usiku, saa sita na dakika arobaini: "Niwekee miadi Ijumaa ijayo saa nne asubuhi." Mteja yuko Nairobi, na mshauri anayetaka kuzungumza naye kwa video yuko London. Simu ya mteja inaonyesha Ijumaa, 23 Oktoba 2026, siku ambayo ndiyo kwanza imeanza. Sentensi hiyo fupi inatosha kuonyesha makosa yote ninayokutana nayo kwenye boti za aina hii, yaani programu zinazosoma ujumbe wa mteja na kumwekea miadi, kwa hiyo nitakaa nayo mpaka mwisho.

Dhana: Boti ikijua leo ni siku gani, kazi imekwisha

Leo ya nani? Seva nyingi hufuata UTC, saa ya pamoja ya dunia, ambayo iko nyuma ya Nairobi kwa saa 3. Mteja anapotuma ujumbe wake saa 00:40 ya Ijumaa, seva bado iko saa 21:40 ya Alhamisi tarehe 22. Kwa hesabu ya seva, Ijumaa inayofuata ni tarehe 23, yaani siku ileile ambayo mteja tayari yumo ndani yake. Anawekewa miadi ya baada ya saa chache, wakati yeye alitaka ya tarehe 30.

Kosa hili ni gumu kulinasa kwa sababu mchana halionekani kabisa. Kwa mteja wa Nairobi linajitokeza kati ya saa 00:00 na 02:59 tu. Saa nyingine zote seva na mteja wako kwenye tarehe moja. Ukiona malalamiko ya tarehe kupungua siku moja, na yote yametoka kwa watu walioandika usiku wa manane, acha kuhangaika na sehemu inayochambua maneno. Tafuta mahali msimbo unapochukua saa ya sasa, uhakikishe unaitaja kanda ya saa ya mteja:

```python
from datetime import datetime
from zoneinfo import ZoneInfo

sasa = datetime.now(ZoneInfo("Africa/Nairobi"))
```

Tena saa hiyo iwe ya wakati ujumbe ulipotumwa. Ujumbe ukikaa kwenye foleni mpaka siku ikageuka, "kesho" ya mteja haigeuki nayo.

Dhana: "Ijumaa ijayo" ina maana moja

Mtu akisema "Ijumaa ijayo" siku ya Jumatatu, anaweza kuwa na maana ya Ijumaa ya wiki hiyohiyo, kwa kuwa ndiyo inayokuja. Mwingine Ijumaa hiyo huiita "Ijumaa hii", na "ijayo" kwake ni ya wiki inayofuata. Wote wawili wanasema Kiswahili sahihi. Hakuna maktaba ya programu itakayoamua kati yao, na inayodai kuamua imechagua upande mmoja bila kukwambia.

Kuna dalili moja inayosaidia, nayo ni neno ambalo mtu angeweza kulitumia lakini hakulitumia. Siku ya Alhamisi ni nadra mtu kuiita kesho yake "Ijumaa ijayo", angesema kesho. Siku ya Jumatano angesema keshokutwa. Ijumaa yenyewe angesema leo. Kwa siku hizo tatu boti ipendekeze Ijumaa ya wiki inayofuata. Jumamosi na Jumapili, Ijumaa iliyo karibu ndiyo inayoeleweka na wengi. Zinabaki Jumatatu na Jumanne, na hapo boti isikisie. Ujumbe ukiingia Jumatatu tarehe 26 Oktoba, swali liwe: "Ijumaa tarehe 30 Oktoba, au Ijumaa tarehe 6 Novemba?" Swali la "Una maana Ijumaa ijayo?" halisaidii, maana mteja atajibu ndiyo na boti itabaki palepale.

Dhana: Saa ni namba tu

"Saa nne asubuhi" ni 10:00. Maktaba iliyoandikwa kwa ajili ya Kiingereza huona nne na asubuhi, ikatoa 04:00. Wengi hurekebisha kwa kuongeza 6, na hilo hufanya kazi mpaka mtu aandike "saa 10 asubuhi". Kwa hesabu yetu hiyo ingekuwa 04:00, lakini wakati huo tunauita alfajiri. Inaelekea mwandishi amesoma tarakimu za simu yake, akawa na maana ya 10:00. Namba na neno la kipindi visipopatana, boti iulize.

Usiku nao una mtego wake. "Ijumaa saa saba usiku" kwa wengi ni 01:00 baada ya Ijumaa kwisha, ambayo kwenye kalenda tayari ni Jumamosi. "Usiku wa kuamkia Ijumaa" ni usiku wa Alhamisi. Boti inayopokea miadi ya usiku lazima ijue tofauti hiyo.

Dhana: Hifadhi kila kitu kwa UTC, hutakosea

Hii hata watu wenye uzoefu wanaiamini, na kwa mambo yaliyokwisha kutokea ni kweli. Miadi ni ya mbele.

Mteja wetu aliona ratiba ya mshauri ikiwa kwa saa za London, hivyo saa nne yake ni 10:00 ya London. (Boti iliulizia hilo. Saa 10:00 ya Nairobi siku hiyo ni 07:00 London, kabla ya mshauri kufungua.) Usiku ule wa tarehe 23, London iko mbele ya UTC kwa saa 1. Boti inayotumia tofauti ya siku hiyo itaandika 09:00 UTC. Lakini Jumapili tarehe 25 Oktoba London inarudisha saa nyuma, na tarehe 30 inakuwa sawa na UTC. Mteja atakumbushwa aingie saa 12:00 ya Nairobi, naye mshauri aliyeambiwa 10:00 ataingia saa 13:00 ya Nairobi. Mteja amekaa peke yake mbele ya kioo kwa saa nzima.

Dawa yake ni kutumia jina la kanda badala ya tofauti ya saa:

```python
miadi = datetime(2026, 10, 30, 10, 0,
                 tzinfo=ZoneInfo("Europe/London"))
print(miadi.astimezone(ZoneInfo("Africa/Nairobi")))
# 2026-10-30 13:00:00+03:00
```

Hata UTC iliyokokotolewa vizuri leo inaweza kuharibika kesho, kwa sababu kanuni za saa hupangwa na serikali. Mwezi Machi 2023 Lebanoni ilitangaza kuahirisha kusogeza saa zikiwa zimebaki siku chache, kisha ikabadili uamuzi huo. Mwaka huohuo Misri ilirejesha utaratibu wa kusogeza saa. Kwa hiyo kwenye hifadhidata tunza saa waliyokubaliana na jina la kanda, `2026-10-30 10:00` na `Europe/London`. UTC iwe safu ya pembeni ya kupangia vikumbusho, ikokotolewe upya kila data za kanda zinaposasishwa.

Kisha, kabla ya kuandika chochote, boti imrudishie mteja jibu hili: "Ijumaa, 30 Oktoba 2026, saa nne asubuhi (10:00) ya London, ambayo kwako Nairobi ni saa saba mchana (13:00). Nikuwekee?"