Namba 30 ilitoka wapi?

Ikifika Oktoba, wateja wangu huanza kuzungumzia Desemba. Mimi ni mwanasaikolojia, naona watu hapa Dar es Salaam, na wengi wao kwao ni Kilimanjaro, ambako kurudi nyumbani Krismasi ni karibu sheria. Haiwatishi safari wala nauli. Linalowatisha ni swali moja ambalo shangazi atawauliza jikoni, mbele ya binamu mwenye mtoto mgongoni: harusi lini?

Nataka kueleza kwa kirefu jinsi ninavyofanya kazi na hofu hiyo, kwa kumfuata mteja mmoja. Ameniruhusu niandike, na nimebadilisha mambo ambayo yangemtambulisha. Alikuwa na miaka 32, mhasibu, hajaolewa, na Desemba mbili mfululizo alikuwa ametafuta sababu ya kutokwenda nyumbani. Alikuja kwangu kwa sababu hapati usingizi. Anaamka saa tisa usiku na kuanza kupiga hesabu: nikikutana na mtu leo, mwaka mmoja wa kufahamiana, miezi sita ya posa na vikao vya harusi, miezi tisa ya ujauzito, basi mtoto wa kwanza nitampata nina 34 na ushee, wa pili 37. Kesho usiku anaanza upya, kwa sababu siku moja imepita na bado hajakutana na mtu. Karibu akubali kuchumbiwa na mwanaume asiyempenda. Nilipomuuliza kwa nini, alijibu, "Alikuwa tayari."

Kabla ya kumpa neno lolote la kumtuliza, nilimtuma akanunue daftari. Kwa wiki mbili, kila alipohisi kama saa imelia ndani yake kwamba amechelewa, aliandika saa ngapi, yuko wapi, nani au nini kimeiamsha, na umri gani umetajwa. Natumia daftari kwa sababu karibu kila anayekuja na shida hii huniambia "watu wananisema", na mpaka tuhesabu hatujui ni watu gani, wala wanasema mara ngapi.

Alirudi na alama 19. Tatu tu zilitokana na mtu aliye hai aliyemuuliza kwa mdomo wake. Sita zilitoka kwenye simu: magrupu ya WhatsApp ya kamati za harusi, kadi za mchango, picha za sendofu. Kwenye kamati moja walikuwa wamempa uweka hazina kwa sababu ni mhasibu, kwa hiyo kila jioni alikuwa akiandika majina ya waliochangia harusi ya mwenzake. Alama 10 zilizobaki alizipiga mwenyewe, nyingi usiku, bila mtu yeyote kumwambia kitu.

Kisha nikamuuliza kuhusu namba. Kwenye daftari, 30 ilijirudia kuliko umri mwingine wowote, japo alikwisha kuipita. Nani alisema 30? Akadhani ni mama yake. Mama aliolewa na miaka 22 na hakuwahi kumtajia 30. Bibi ndiyo kabisa. Tulikaa na swali hilo karibu nusu saa, halafu akakumbuka chumba cha hosteli chuoni: wasichana wanne wa miaka 20, wamekaa juu ya kitanda kimoja, wanaandika nyuma ya shajara. Kazi 24, ndoa 27, mtoto 28, nyumba 30. Aliyekuwa akimwamsha saa tisa usiku ni msichana wa miaka 20 ambaye hakuwa amewahi hata kulipa kodi ya chumba.

Namba hizi zimeshafanyiwa utafiti. Bernice Neugarten, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Chicago, ndiye aliyelipa jambo hili jina, saa ya jamii. Mwaka 1965 yeye na wenzake walichapisha utafiti waliowauliza Wamarekani wa tabaka la kati umri unaofaa kwa mambo mbalimbali ya maisha. Zaidi ya wanane katika kila kumi walikubaliana kwamba umri unaomfaa mwanamke kuolewa ni kati ya miaka 19 na 24. Swali hilo liliporudiwa mwishoni mwa miaka ya 1970, waliokubaliana walikuwa chini ya nusu. Nchi ni ileile, na miili ya wanawake haikuwa imebadilika. Namuonyesha mteja hili ili aone kwamba namba ya jamii ina tarehe ya kuzaliwa, kwa hiyo inaweza pia kuchakaa.

Hapo wengi huniuliza, na wako sahihi kuuliza: na mwili je? Siwezi kumwambia mtu kwamba saa ya mwili ni maneno ya watu. Uwezo wa mwanamke kushika mimba hupungua polepole miaka ya thelathini, na kupungua huko huongeza kasi kuelekea mwisho wa miaka hiyo. Lakini mteja wangu alikuwa amepokea ujumbe wa kusambazwa uliosema mwanamke mmoja kati ya watatu wenye miaka 35 hadi 39 hatashika mimba hata akijaribu mwaka mzima. Takwimu hiyo, ambayo imezunguka duniani miaka mingi, ilitoka kwenye kumbukumbu za uzazi za Ufaransa za kati ya mwaka 1670 na 1830. Tafiti za wanawake wa sasa zinatoa picha nyingine. Ule uliochapishwa mwaka 2004 na David Dunson na wenzake uliona kwamba wanandoa wanaokutana kimwili angalau mara mbili kwa wiki walishika mimba ndani ya mwaka kwa asilimia 82 mwanamke akiwa na miaka 35 hadi 39, na asilimia 86 akiwa na 27 hadi 34. Tofauti ipo. Hata hivyo, si ukuta unaoanguka siku ya kuzaliwa.

Alikuwa pia anataka kulipia kipimo cha damu cha homoni ya AMH, ambacho husemwa kinaonyesha mayai yamebaki mangapi. Nilimwomba asubiri aongee kwanza na daktari wa wanawake. Utafiti wa mwaka 2017 uliowafuatilia wanawake wa miaka 30 hadi 44 wasio na historia ya ugumba ulionyesha kuwa wenye AMH ndogo walishika mimba kama wenzao. Kipimo hicho kina kazi yake pale mtu anapoandaliwa kwa upandikizaji wa mimba. Kwa msichana anayetaka kujua kama "amechelewa", nimeona kinaongeza usiku mmoja zaidi wa kupiga hesabu.

Alichohitaji kuangaliwa ni kingine. Hedhi yake ilikuwa nzito, siku saba na mabonge, tangu miaka minne iliyopita, na hakuwahi kwenda hospitali kwa sababu aliogopa kuambiwa jambo. Uvimbe kwenye kizazi huwapata sana wanawake weusi. Maambukizi ya zinaa yasiyotibiwa nayo huziba mirija ya uzazi, hata kwa msichana wa miaka 24. Haya yanahitaji daktari mapema kuliko yanavyohitaji mume. Hapa ndipo saa ya jamii inaponiudhi kwa kweli: inapiga kelele kuhusu harusi mpaka mtu hasikii mwili wake unasema nini.

(Kwa wanaume wanaokuja kwangu, namba hukaa kwenye nyumba. "Umejenga?" Swali hilo lina tabu yake, kwa kuwa wengi wetu hujenga kidogo kidogo bila mkopo wa benki: kiwanja, msingi, tofali, kupaua, halafu unahamia madirisha bado. Hakuna siku inayoitwa kumaliza. Nikikutana na mtu anayejiona ameshindwa na miaka 38, namuuliza yuko hatua gani, na hatua ijayo ni shilingi ngapi. Mara nyingi hakuwahi kuligawa swali hivyo.)

Kelele za usiku zina dawa yake. Mwaka 1983 Thomas Borkovec na wenzake walieleza njia rahisi: mtu anajiwekea nusu saa ya kuhangaika, saa ileile, mahali palepale, kila siku. Wasiwasi ukija nje ya muda huo, unaandikwa neno moja na kuahirishwa. Mteja wangu alichagua saa kumi na mbili na nusu jioni, kwenye kiti cha plastiki cha barazani, kamwe si kitandani. Wiki ya kwanza haikufanya kazi, na nilijua kwa nini: alikuwa anajaribu kuyafukuza mawazo, wakati kazi yake ilikuwa kuyapangia muda. Wiki ya tatu aliniambia alikaa kwenye kile kiti, akasoma maneno matano aliyoandika mchana, na dakika ya kumi akakosa la kuongeza.

Tulifanyia mazoezi pia jibu la shangazi. Kwanza alitunga maelezo marefu: kazi, wanaume wa siku hizi, yeye na Mungu wake. Nikajifanya shangazi, na kila sentensi aliyonipa niliijibu kwa ushauri, kwa sababu ukimweleza mzazi unamfungulia kikao. Tukapunguza mpaka ikabaki hivi: "Shangazi, siku likiwepo jambo, wewe ni wa kwanza kuambiwa. Niombee." Lina heshima, halidanganyi, na linamwachia shangazi kazi ya kufanya. Alilisema kwa sauti mara kumi na kitu ofisini kwangu, mpaka koo lake likaacha kukaza.

Kuna mahali njia hii haifiki. Mtu akikosa usingizi na hamu ya chakula zaidi ya wiki mbili, akaacha hata vitu alivyovipenda, ninatibu sonona kwanza na daftari linasubiri. Anayelazimishwa kuolewa, au anayepigwa, anahitaji ulinzi. Na wapo wanaotaka mtoto kwa moyo wote na hawajampata. Hawa wana huzuni, na huzuni haikosolewi kwa takwimu. Mteja wangu alikuwa nayo pia, chini ya ile hesabu. Siku aliyoacha kuhesabu ndipo alipolia, na tulikaa hapo vikao viwili bila kugusa daftari.

Alikwenda Moshi tarehe 22 Desemba. Swali lilikuja siku ya tatu, wanamenya ndizi za mtori. Akatoa jibu lake. Shangazi akanyamaza, akasema "nakuombea kila siku, hujui tu," kisha akamwambia aongeze maji kwenye sufuria. Januari aliniletea daftari: alama nne kwa siku kumi. Ndani yake kulikuwa na karatasi ya hospitali. Ultrasaundi ilionyesha uvimbe mmoja wa sentimita nne, na tarehe ya kurudi kwa daktari ilikuwa Alhamisi inayofuata.