Mchanganyiko wa foleni: video, picha au maandishi mwezi ujao?

Ukipanga posti za mwezi mzima mapema, zikakaa kwenye mstari zikisubiri siku na saa yake ya kutoka, hiyo ndiyo foleni. Mchanganyiko wa foleni ni mgawanyo wa nafasi zake: video ngapi, picha ngapi, maandishi matupu mangapi. Wengi hugawa kwa hisia, au kwa kukumbuka ile posti moja iliyovuma. Njia nyingine ni kupakua faili la mwezi uliopita na kuliuliza lenyewe. Faili hujibu ovyo ukiliuliza ovyo, kwa hiyo nitaeleza kupitia kazi moja niliyoifanya hapa Mwanza.

Ni ukurasa wa Facebook wa mama mmoja anayeuza dagaa wa jumla pale Mwaloni, Kirumba. Mwezi ule zilitoka posti 28: video 9, picha 13, maandishi 6. Faili lililopakuliwa lilikuja na safu nyingi, lakini nilizohitaji ni chache: tarehe, `Post type`, `Reach` (idadi ya watu waliofikiwa) na `Comments`. Niliongeza safu yangu ya aina yenye maneno matatu tu, kwa sababu faili linaweza kuziita video fupi kwa jina moja na zile ndefu kwa jina jingine, na usipoziunganisha utakuwa na makundi mawili madogo badala ya moja. Nilikagua pia tarehe. Mara nyingi faili huandika mwezi kwanza ndipo siku, na kompyuta iliyozoea mtindo wetu huigeuza tarehe 9 Machi kuwa 3 Septemba bila kukuonya. Mbele utaona kwa nini hili lilikuwa na uzito.

Swali la kwanza: aina ipi inafikia watu wengi zaidi? Nilichukua wastani wa kila aina. Video zilipata 1,517, picha 655, maandishi 320. Hapo mtu yeyote angesema, tujaze video. Kabla ya kusema hivyo nilizitazama video zenyewe, moja moja:

380, 410, 430, 450, 490, 520, 560, 610, 9,800

Hiyo ya mwisho ni ya korongo. Dagaa walikuwa wameanikwa juu ya nyavu, korongo akaja akitembea taratibu kama mkaguzi, akala, kijana akamfukuza kwa ndoo, akarudi. Watu wakacheka na kusambaza mpaka ikafika kwa wasiojua Kirumba iko wapi. Posti moja imebeba wastani wa kundi zima mgongoni. Ndiyo maana kwenye data kama hii situmii wastani. Natumia namba ya katikati: panga namba kuanzia ndogo hadi kubwa, kisha chukua iliyokaa katikati. Kwa video tisa ni ya tano, yaani 490. Fomula yake, kama aina iko safu C na waliofikiwa safu D:

```
=MEDIAN(FILTER(D2:D29,C2:C29="video"))
```

Kwa picha namba ya katikati ilikuwa 640, kwa maandishi 310. Tazama jinsi picha zilivyobaki karibu na wastani wake ilhali video zimeporomoka. Pengo kubwa kati ya wastani na namba ya katikati ndilo linalokuonyesha kwamba kuna korongo mahali fulani. Usimfute kwenye faili. Mjue tu, na usimpangie mwezi mzima.

Swali la pili lina uzito zaidi: mama huyu anataka nini? Hataki vicheko. Anataka mtu aulize, "gunia bei gani?" Faili huhesabu maoni, halisomi kilichoandikwa, na ujumbe wa faragha haumo kabisa. Kwa hiyo tuliketi dukani na simu yake, tukapitia posti zote, mimi nikajaza safu mpya ya maswali ya bei. Ilituchukua kama saa mbili, na ndiyo sehemu ya kazi iliyolipa kuliko nyingine yoyote. Namba ya katikati kwa kila posti: video maswali 2, picha 5, maandishi 4. Ile ya korongo, pamoja na watu wake wote, ilileta swali moja.

Maandishi yalinishtua. Yanafikia watu 310 tu, lakini yanaleta maswali manne, yaani kama moja na robo kwa kila watu mia. Picha hazifiki hata moja kwa mia. Je, tujaze maandishi?

Hapana, na sababu ni mbili. Kwanza, posti zote sita za maandishi zilitaja bei, wakati picha zilizotaja bei zilikuwa sita tu kati ya 13. Nilipozitenganisha, picha zenye bei zilikuwa na maswali 6, zisizo na bei 3. Kumbe sehemu kubwa ya nguvu tuliyodhani ni ya maandishi ilikuwa ya bei. Ukilinganisha aina za posti bila kutazama kilichomo ndani, unalinganisha magunia kwa rangi ya kamba.

Sababu ya pili ni mwezi wa angani. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, na taa huvuta dagaa wakati wa giza. Mbalamwezi ikiwa kali uvuvi unapungua sana na vianikio vinabaki vitupu. Nilipoweka tarehe za posti kando ya siku za mbalamwezi, maandishi manne kati ya sita yalikuwa yameangukia humo. Mama alinieleza bila kusita: "Mwanangu, siku hizo nitapiga picha ya nini?" Na siku hizo hizo mzigo ni haba, wateja wanahangaika kuuliza. Huenda maswali yaliletwa na uhaba, si na maandishi. Posti sita haziwezi kutenganisha mambo hayo mawili, hata ukizikamua vipi.

Basi mchanganyiko wa mwezi uliofuata tuliupanga hivi, nafasi zikiwa 28 zile zile: video 7, picha 16, maandishi 5. Picha kumi zibebe bei. Maandishi mawili tuliyapeleka kwa makusudi kwenye siku za giza, na picha mbili zenye bei tukaziweka kwenye mbalamwezi, zikipigwa kwenye magunia ya ghalani badala ya vianikioni. Kwa namna hiyo faili lijalo litakuwa na la kusema kuhusu jambo ambalo la sasa limenyamazia. Video sikuzikata zaidi ya mbili, maana 490 na 640 si tofauti ya kufukuzia mtu kazi pale posti zenyewe ni tisa dhidi ya 13.

Jambo dogo la mwisho: faili hilo nililipakua tarehe 8, si tarehe 1. Posti ya jana bado inakusanya watu, na ukiipima pamoja na ya wiki tatu zilizopita utaionea bure.

Mama aliukubali mpango, ila alidai korongo apewe nafasi yake. Nikampa moja kati ya zile saba, nikamwomba gunia lionekane nyuma ya ndege na bei iandikwe juu ya video.