Jumla zimekubali, watu 187 wamelipwa, na bado mlinzi kapokea mshahara wa meneja

Hii ilitokea sehemu niliyokuwa nafanya kazi zamani, kabla sijawa mkaguzi wa ndani. Faili la mishahara liliandaliwa vizuri, idadi ya watu iko sawa, jumla ya pesa iko sawa mpaka shilingi ya mwisho, mhasibu kasaini, bosi kaidhinisha, faili likaenda benki. Kesho yake asubuhi simu zikaanza. Mmoja kapata pungufu, mwingine kapata mara tatu ya mshahara wake na kanyamaza, na tukakaa wiki mbili tunabembeleza watu warudishe hela ambazo wengine walishalipia ada za watoto.

Kosa lenyewe dogo sana, na ntalieleza huko chini, ila kwanza twende hatua kwa hatua, maana watu wengi wanaolipa kwa mkupuo (saccos, shule, mashamba, halmashauri, makampuni ya ulinzi) wanaangalia jumla moja tu kisha wanatuma.

Jambo la kwanza ni namba unazolinganisha nazo zimetoka wapi. Nimekuta mtu anafungua faili la benki, anajumlisha kolamu ya kiasi, anaandika ile jumla kwenye karatasi ya kuidhinisha, halafu anasema nimehakiki. Hapo umelinganisha faili na lenyewe, na hata lingekuwa limekosa watu kumi lingekubali tu. Namba za kulinganishia zitoke kwenye orodha ya mishahara iliyoidhinishwa, ziandikwe kwa mkono kwenye vocha KABLA faili la benki halijatengenezwa, na ikiwezekana aziandike mtu ambaye sio yeye anayetengeneza faili.

Wengine wanasema benki si wanahakiki. Ni kweli mifumo mingi inahakiki, mfano mafaili ya pain.001, yaani muundo wa faili la kutuma maagizo ya malipo benki, huwa na sehemu hii juu kabisa:

```xml
<NbOfTxs>187</NbOfTxs>
<CtrlSum>142386500.00</CtrlSum>
```

Ya kwanza ni idadi ya malipo, ya pili ni jumla. Benki inahesabu yaliyomo ndani na ikiona hayalingani na hizo namba inalikataa faili. Sasa jiulize hizo namba mbili kaziweka nani. Ni programu ileile iliyotengeneza faili! Kama programu imeruka mtu mmoja, itaandika 186 juu na ndani watakuwa 186, benki itapokea kwa moyo mweupe. Kitu benki wanachokugundulia hapo ni faili lililokatika njiani au lililoguswa idadi au kiasi baada ya kutengenezwa, ila mtu aliyesahaulika hawawezi kumjua. Na kama kwenye faili moja umechanganya dola na shilingi, ile CtrlSum inajumlisha tarakimu tu bila kujali sarafu, kwa hiyo usiitegemee, chukua jumla ya kila sarafu peke yake.

Haya tufanye mfano. Orodha iliyoidhinishwa ina watu 187, jumla 142,386,500. Unafungua faili la benki, unakuta malipo 186 na jumla 141,934,300. (Angalia usihesabu ule mstari wa vichwa vya habari wala mstari mtupu wa mwisho, hilo linawachanganya wengi wanadhani kuna mtu kazidi.) Tofauti ni 452,200. Usianze kupitia majina yote 187 ukichoka macho, nenda kwenye orodha ya mishahara tafuta nani analipwa 452,200 kamili. Mara nyingi ndiye huyohuyo aliyekosekana, na sababu huwa ni kwamba mtu aliacha filta imewaka kwenye Excel, akakopi yanayoonekana tu, waliofichwa wakabaki nyuma. Wakiwa wawili wenye kiasi hicho basi unaangalia wawili, bado umepona.

Mara ya pili idadi inakubali 187 ila jumla imepungua kwa 270,000, na kwenye orodha hakuna anayelipwa 270,000. Gawa kwa 9. Ikigawanyika bila baki, kuna uwezekano mkubwa mtu kageuza tarakimu mbili wakati wa kuandika, hapa 630,000 imeandikwa 360,000. Hii sio ushahidi kamili, tofauti inaweza kugawanyika kwa 9 kwa bahati tu, lakini inakuambia uanze kutafuta wapi. Isipogawanyika, angalia kama kuna kiasi kilichoingia kama maandishi badala ya namba, hasa vile vilivyopeistiwa kutoka whatsapp vikiwa na nafasi au koma ndani. SUM ya Excel inaviruka kimyakimya wala haikuambii, na utavijua kwa sababu vimelala upande wa kushoto wa kisanduku wakati wenzao wako kulia.

Hapo ndipo wengi wanaishia. Idadi sawa, jumla sawa, tuma.

Lakini fikiria walinzi wawili, wote wanalipwa 385,000. Mmoja kasahaulika, mwenzake kaingia mara mbili. Idadi 187, jumla haijasogea hata senti! Ndio maana kuna namba ya tatu, nayo ni kujumlisha namba za akaunti zenyewe. Jumla hiyo haina maana yoyote, sio hela wala nini, kazi yake ni moja tu, akaunti ikibadilika nayo inabadilika. Mimi nachukua tarakimu sita za mwisho za kila akaunti kwa sababu Excel haitunzi namba zaidi ya tarakimu 15 kwa usahihi, na akaunti 187 ndefu ukizijumlisha zima zima unaweza kuvuka hapo. Kama akaunti ziko kolamu C kuanzia mstari wa 2:

```
=SUMPRODUCT(--RIGHT(C2:C188,6))
```

Fanya hivyo kwenye orodha iliyoidhinishwa, fanya hivyo kwenye faili la benki. Tuseme orodha inasema 94,317,206 na faili linasema 94,313,761. Zimepishana 3,445. Haikutajii jina la mtu, ila inakukataza kutuma, na kumpata ni rahisi, weka `=COUNTIF(C$2:C$188,C2)` pembeni uburute mpaka chini, palipotokea 2 ndipo pana akaunti iliyorudiwa. Akaunti ya mlinzi wa kwanza inaishia 204518, ya pili ilitakiwa iishie 207963. Toa uone, ni 3,445 kamili.

Upungufu wake ni huu. Akaunti nyingi za hapa kwetu zinaanza na sifuri, na ukifungua faili la csv kwa kubofya mara mbili Excel inaila ile sifuri. Kwa kuwa unajumlisha tarakimu za mwisho tu, hesabu yako haitaona kitu. Kwa hiyo pembeni weka pia `=LEN(C2)`. Unajua akaunti za benki yako zina tarakimu ngapi, kama ni 13 na unaona 12 basi sifuri imeliwa na malipo hayo yatarudi au yatakwama.

Sasa lile kosa letu la mwanzo. Kijana mmoja alitaka kuona nani analipwa zaidi, akachagua kolamu ya kiasi PEKE YAKE akaisoti kuanzia kubwa. Excel ilimuuliza kama apanue uchaguzi ujumuishe na kolamu za jirani, akabonyeza kuendelea hivyohivyo, kisha akasevu. Kiasi zikapanda na kushuka, majina na akaunti zikabaki palepale. Angalia watu watatu tu:

```
Akaunti   Sahihi     Baada ya kusoti
204518    385000     1240000
318807    1240000    630000
551290    630000     385000
```

Idadi ni 3 pande zote. Jumla ya pesa 2,255,000 pande zote. Jumla ya akaunti 1,074,615 pande zote. Namba zote tatu zimekubali na hakuna hata mtu mmoja aliyelipwa haki yake! Niliiangalia hii siku ile nikaona kweli hatukuwa wazembe, tulichokosa ni kipimo kinachofunga akaunti na kiasi chake pamoja.

Kipimo hicho kipo, unazidisha akaunti kwa kiasi chake mstari kwa mstari ndipo unajumlisha:

```
=SUMPRODUCT(--RIGHT(C2:C188,6),D2:D188)
```

Kwa hao watatu walivyo sahihi unapata 821,372,810,000, baada ya kusoti inatoka 666,697,380,000. Limeonekana hapohapo. Na uzuri wake haijali mpangilio wa mistari, orodha yako inaweza kuwa imepangwa kwa idara na faili la benki limepangwa kwa alfabeti, bado namba itakuwa moja. Kwa malipo makubwa sana au yenye senti, hesabu hii nayo inaweza kugonga ule ukomo wa tarakimu 15, basi gawanya faili kwa makundi ya watu mia mia, au tumia VLOOKUP kuvuta kiasi kutoka kwenye orodha kwa akaunti, toa, na hakikisha kila mstari ni sifuri.

Niseme wazi kitu kimoja. Hizi hesabu zinalinda safari ya kutoka orodha iliyoidhinishwa mpaka benki. Kama kwenye orodha yenyewe kuna mfanyakazi hewa, au mtu wa utumishi kabadili akaunti ya mwenzake huko huko, namba zote nne zitakubali bila wasiwasi. Hilo linashikwa kwa kulinganisha orodha ya mwezi huu na ya mwezi jana na kuuliza kila akaunti iliyobadilika ina barua gani.

Mwisho kabisa ni kwenye kompyuta ya anayeidhinisha. Faili likishahakikiwa lisifunguliwe tena, hata kwa kuchungulia, likifunguliwa na kuseviwa hesabu zote zinaanza upya. Ukishalipandisha kwenye mtandao wa benki, mifumo mingi inaonyesha idadi na jumla kabla ya kubonyeza kuidhinisha. Anayeidhinisha awe na ile vocha mkononi, iliyoandikwa kabla faili halijazaliwa, aweke kidole kwenye 187, aweke kidole kwenye 142,386,500, asome kwenye skrini kwa sauti. Sisi kwetu siku hizi wanakaa wawili, mmoja anasoma skrini mwingine anasoma karatasi, inachukua kama dakika moja, na kama kuna tarakimu moja haikubali hakuna anayegusa kitufe mpaka ijulikane imetoka wapi, hata kama ni ijumaa saa kumi na watu wanasubiri mshahara.