"Mbona lilipita na halikuanguka?" Barua kwa madiwani kuhusu kibao cha tani 10

Barua hii niliiandikia halmashauri moja ya mji ambayo sitaitaja. Naiweka hapa kwa sababu kila msimu wa mavuno naulizwa swali lile lile na watu tofauti, na nimechoka kulijibu kwa simu huku nikiwa barabarani.

Mheshimiwa Mwenyekiti, waheshimiwa madiwani,

Nimepokea maombi yenu kwamba kibao cha daraja la mtoni kipandishwe kutoka tani 10 hadi tani 20 ili malori ya mazao na tipa za mchanga zipite bila usumbufu. Hoja kuu mliyoiandika ni kwamba malori ya tani 20 yamekuwa yakipita usiku kwa miaka na daraja bado lipo. Kabla sijaigusa hoja hiyo, tukubaliane kwanza kibao kinasema nini, maana kwenye kikao kila mtu alikuwa na tani zake.

Tani 10 za kibao ni uzito wa jumla wa gari moja: chuma chake, mafuta, dereva, utingo, na mzigo. Haihusu mzigo peke yake. Fuso ambayo mtaani tunaiita "ya tani 10" inabeba tani 10, na yenyewe ikiwa tupu ina tani kama 5. Ikijaa ni tani 15, kwa hiyo imekizidi kibao kwa nusu nzima, na dereva atakuapia kwa dini yake kwamba ametii. Basi kubwa likijaa watu linafika tani 16 na zaidi, ingawa hakuna anayelihesabu kuwa ni mzigo. Tena kupita mizani hakusaidii kitu hapa. Sheria ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 inaruhusu tani 10 kwenye ekseli moja yenye matairi manne, na hadi tani 56 kwa gari refu lenye ekseli saba. Hayo ni kwa ajili ya barabara kuu na madaraja yake. Daraja lenu halikuulizwa.

Sasa nawaonyesha tani 10 zimetoka wapi, maana mmoja wenu alisema "wahandisi huwa wanakisia tu". Tunakisia, ni kweli, ila nitaonyesha ni wapi hasa.

Daraja lenu lina urefu wa mita 8 kati ya kuta mbili, upana wa mita 4, mihimili minne ya chuma, na zege juu yake. Kinachotupa wasiwasi ni mihimili kupinda katikati, na kipimo cha nguvu hiyo ya kupinda ni tani-mita. Kwa urefu wa mita 8 hesabu ni nyepesi: tani moja iliyosambaa daraja zima inazaa tani-mita moja, na tani moja iliyokaa katikati inazaa mbili. Shikeni hizo namba mbili tu.

Mihimili ikiwa mipya, yote minne pamoja ingebeba kwa usalama tani-mita 66. Flanji za chini, yaani lile bapa la chini la kila mhimili, zimeliwa na kutu, hasa karibu na kuta ambako maji hayatoki. Kwa vipimo nilivyochukua baada ya kukwangua, nimeipunguza nguvu hiyo hadi 56. Kazi ya kwanza ya daraja ni kujibeba lenyewe: zege na chuma ni tani 18, basi tani-mita 18 zimekwenda kabla hata kuku hajavuka. Juu ya zege kuna moramu ya sentimita 10, uzito wake tani 6 na zaidi kidogo. Zinabaki karibu 32.

Hizo 32 si zote za lori. Gari linalotembea linaruka, na kwa njia yenye mashimo mlangoni mwa daraja kama yenu tunaongeza asilimia 30 kwa ajili ya mtikisiko huo. Pia mihimili minne haigawani mzigo sawa kwa sawa. Gari likiegemea upande mmoja, mhimili wa pembeni hubeba kama asilimia 40 badala ya 25. Ukiyatoa hayo mawili, gari linabakiwa na tani-mita 15 hivi. Gawanya kwa mbili: ekseli ya nyuma isizidi tani saba na nusu. Lori la ekseli mbili huweka theluthi mbili za uzito wake nyuma, na nyuma ikifika katikati ya daraja, matairi ya mbele yameshatoka upande wa pili. Kwa hiyo gari zima ni tani 11 na kitu. Nikaandika 10.

Mtaona kwamba daraja fupi linaihisi ekseli na siyo lori zima. Trela tupu na kichwa chake vinaweza kuwa tani 15, lakini kundi zito la ekseli zake lina tani kama 5 tu. Fuso iliyojaa nayo ni tani 15, ila inashusha tani 10 sehemu moja. Kwa daraja lenu, Fuso inaumiza zaidi ya mara mbili. Kibao chenye namba moja hakiwezi kueleza haya, na nakiri kwamba kinamwonea mwenye trela tupu. Kuna vibao vya kuonyesha uzito wa ekseli pia. Sijaona dereva anayevisoma.

Sasa tuje kwenye "lilipita na halikuanguka".

Kwanza, tani 10 si mahali daraja linapoanguka. Hakuna mhandisi anayeandika kwenye kibao uzito wa kuangusha. Chini yake kuna akiba tuliyoiacha kwa makusudi, na lori lenu la usiku limepita juu ya akiba hiyo. Kupita kwake kunathibitisha kwamba akiba ipo, jambo nililolijua. Hakuthibitishi kwamba akiba hiyo ni ya kutumiwa. Tumeiacha kwa sababu sijui chuma hicho ni cha daraja gani la ubora, michoro haipo, na kutu iliyo ndani ya zege siioni.

Pili, lori hilo lilipita vipi? Dereva anayejua amezidisha mzigo hupita katikati, polepole, kwa mwendo wa mwenye hatia. Mtikisiko unakuwa mdogo, mihimili inagawana mzigo vizuri zaidi. Lori lile lile likipita pembezoni likiwa kasi, likigonga lile shimo la mlangoni, ni mzigo mwingine kabisa. Nyinyi mmeona tani 20 mara mbili. Mhimili wa pembeni umeona vitu viwili tofauti.

Tatu, na hapa ndipo ninapokosa subira, chuma kinachoka. Kila lori zito linapopita, panapounganishwa kwa kulehemu au kwenye shimo la kutu panaweza kuanza ufa usioonekana kwa macho, na kila mpito unaurefusha kidogo. Uharibifu huo hauendi sambamba na mkazo: mkazo ukiongezeka mara mbili, uharibifu wa kila mpito unaongezeka kama mara nane. Daraja halipigi kelele wakati huo. Lori likitoka, mhimili unarudi ulipokuwa, na mtu aliyesimama pembeni anasema "unaona?". Ndiyo maana miaka ya kupita salama siyo ushahidi wa upande wenu peke yenu. Inaweza kuwa ndiyo miaka iliyolichosha.

Daraja la Silver, lililovuka mto Ohio huko Marekani, lilibeba magari tangu 1928. Tarehe 15 Desemba 1967 lilianguka jioni ya foleni na kuua watu 46. Chanzo kilikuwa ufa mdogo kwenye kiungo kimoja cha chuma, mahali ambapo mkaguzi asingeweza kuufikia kwa macho bila kukifungua kiungo. Miaka 39 ya "mbona linapita" haikupunguza chochote.

Niwe mkweli pia upande wa pili. Kuna njia halali ya kutumia lori kama kipimo: tunalipima uzito, tunaliweka mahali panapojulikana, tunapima mhimili umeshuka milimita ngapi, tunaongeza kidogo kidogo na kusimama tukiona dalili mbaya. Mara nyingi daraja hujitokeza kuwa na nguvu kuliko karatasi, kwa sababu zege hushikana na chuma na kusaidia bila kuombwa. Inawezekana kabisa daraja lenu leo linabeba 15. Kama mtatenga fedha za jaribio hilo, nitakuja kwa furaha. Malori ya usiku hayana vipimo hivyo.

Lakini hesabu hukosea upande mbaya pia, na vitabu haviisemi hii kwa sauti. Daraja la Fern Hollow mjini Pittsburgh lilikuwa na kibao cha tani 26 za Kimarekani. Tarehe 28 Januari 2022 lilianguka likiwa na basi na magari madogo machache juu yake. Hakuna aliyekufa. Wachunguzi walikuta mifereji ya maji imeziba na chuma cha miguu kimeliwa na kutu, wakaguzi walikuwa wameandika hayo kwa miaka bila kufanyiwa kazi, na hesabu iliyozaa kibao ilikuwa na makosa, mojawapo lami iliyokuwa nene kuliko ile iliyowekwa kwenye hesabu. Kwa hesabu sahihi, daraja lilipaswa kufungwa. Nami ile asilimia 40 na ile 56 nimeziweka kwa uzoefu. Zikiwa na kosa la moja kwa kumi, kibao changu cha 10 kinaweza kuwa kikubwa mno. Ndiyo maana nilishusha kutoka 11 wala sikupandisha hadi 12.

Hiyo lami ya Pittsburgh inanirudisha kwenye moramu yenu. Kila mwaka greda likichonga barabara linasukuma moramu juu ya zege, inaziba matundu ya maji, maji yanakaa, chuma kinaoza, na uzito unaongezeka. Mmelipa kwa mikono yenu tani 6 ambazo daraja linazibeba usiku na mchana bila kupeleka gunia moja sokoni. Zikiondolewa, 32 inakuwa 38, na kwa hesabu ile ile gari linafika tani 13 na nusu hivi. Nitaweza kuandika 12 bila kununua kipande cha chuma. Siwezi kuandika 20; kwa 20 tunazungumzia mihimili mipya, na hiyo ni bajeti nyingine.

Basi ombi langu kabla ya kikao kijacho ni hili. Moramu iondolewe hadi zege lionekane, matundu yazibuliwe, shimo la mlangoni lifukiwe, nami nije nipime upya flanji zikiwa kavu. Hadi hapo kibao kinabaki 10. Na kazi hiyo ifanywe kwa majembe na toroli, tafadhali, kwa sababu greda lenyewe lina tani zinazokaribia 15 au zaidi.