Trei, upepo wa kusi na sekunde tano za poda

Nikipanga mafunzo ya mitungi ya kuzima moto kwa wafanyakazi wa hoteli ya Malindi, naanza na upepo. Tuchukue mfano wa hoteli yenye wafanyakazi 24, mwezi wa saba, kusi likivuma. Mwanafunzi atasimama akilipa kusi mgongo, trei ya moto iwe mbele yake, na upande wa kaskazini ubaki wazi mita 30 au zaidi. Pasiwe na makuti, pasiwe na kamba za nguo, wala boda boda iliyoegeshwa kivulini. Cheche moja juu ya makuti makavu, na mafunzo yameshageuka tukio. Kazi ianze saa moja asubuhi, kwa sababu ikifika saa nne upepo wa bahari huwa umekaza, na poda hupeperuka kabla ya kufika kwenye moto. Zimamoto wa kaunti na majirani waarifiwe siku moja kabla, maana dizeli hutoa moshi mweusi unaoonekana mbali.

Trei ni ya chuma, sentimita 60 kwa 60, kina 15. Weka maji kwanza, sentimita 5, yaani kama lita 18. Maji husawazisha mafuta na kuzuia chuma kisipinde. Juu yake mimina lita mbili za dizeli, halafu robo lita ya petroli ya kuwashia. Petroli peke yake usiitumie: mvuke wake husambaa kabla hujawasha, na ukileta moto unalipuka usoni. Jagi liondolewe kwanza, kisha washa mara moja kwa kijinga kilichofungwa kwenye fito ya mita mbili, ukiwa upande unakotoka upepo. Subiri sekunde 30 mpaka uso wote wa mafuta ushike. Ukimruhusu mtu mapema atazima kimoto kidogo na kuondoka akidhani kazi ni rahisi.

Mtungi wa poda wa kilo 6 hutoa kwa takriban sekunde 15. Mtu mmoja anahitaji tano, kwa hiyo mtungi mmoja unatosha watu watatu, na watu 24 wanahitaji mitungi minane. Usijaribu kumpa wa nne, presha imeshashuka na poda haifiki. Ongeza miwili iliyojaa, ishikwe na msimamizi asiyefanya kitu kingine. Mitungi ya mazoezi iwe ile iliyokaribia muda wa kujazwa upya. Ukivua ya ukutani, jikoni kutabaki bila kitu siku hiyo. Mafuta ya siku nzima ni kama lita 25 za dizeli na 6 za petroli, kwa kuwa kila mzunguko baada ya ule wa kwanza huongezwa lita moja tu ya dizeli na robo ya petroli.

Sasa mkono wenyewe. Kosa ninaloliona kila mara ni mtu kubana kishikio huku akivuta pini. Kishikio kikibanwa, pini inakwama tundu lake, na kadiri anavyohangaika ndivyo anavyozidi kubana. Mwambie aushike mtungi kwa chini ya kishikio, azungushe pini ikate uzi wa plastiki, ndipo avute. Hapa pwani chumvi hula pini, kwa hiyo ijaribiwe yote kabla ya siku. Asimame mita tatu, aelekeze mdomo wa mpira kwenye ukingo wa karibu wa moto, si kwenye ndimi za juu, abane, afagie kushoto na kulia huku akisogea polepole. Akianza mita moja, nguvu ya poda hurusha dizeli inayowaka nje ya trei. Moto ukizimika arudi kinyumenyume akiutazama, maana ukingo wa chuma ukiwa moto bado mafuta huweza kuwaka tena.

Viatu vya kufunika, hakuna ndara. Buibui na deraa za nailoni zibaki ndani: nailoni huyeyuka na kushika ngozi. Deraa za pamba na ushungi uliochomekwa havina shida.

Kuongeza mafuta ndiko kunakochoma walimu. Hakikisha hakuna hata mwali, acha chuma kipoe, mimina kwa jagi la chuma, na dumu likae mita 10 upande unakotoka upepo. Kila baada ya watu sita badilisha maji, kwani poda hufanya tope juu ya mafuta na moto haushiki vizuri. Maji hayo yaende kwenye pipa la taka za mafuta, yasimwagwe mchangani.

Mtungi wa kaboni dioksaidi uonyeshe pembeni tu, bila moto. Kwenye upepo gesi haikai juu ya trei.

Mtungi wa poda uliobanwa hata sekunde moja usirudishwe ukutani. Chembe za poda hubaki kwenye vali, presha huvuja kidogo kidogo, na geji inaweza kuonyesha kijani leo kisha sifuri wiki ijayo. Ulaze chini na uufunge kitambaa chekundu, ili hata mtu wa usiku asiutundike.