Pengo la uwajibikaji: silaha ikijiamulia kuua, nani anajibu?

Usiku wa kuamkia 23 Machi 2003, ndege ya kivita ya Uingereza aina ya Tornado ilikuwa inarudi kambini Kuwait baada ya kazi yake katika anga la Iraki. Ilipoanza kushuka, rada ya mtambo wa Kimarekani wa kudungua makombora, Patriot, iliiona. Kompyuta ya mtambo ikapima mwendo na mwelekeo wake, ikaamua kwamba hiyo si ndege bali ni kombora linalowinda rada. Ikauliza kwa mawimbi ya redio: wewe ni rafiki au adui? Jibu halikuja. Wahudumu wa mtambo walikuwa na takribani dakika moja ya kuamua. Walifyatua, na wanajeshi wote wawili waliokuwa ndani ya Tornado wakafa.

Nani aliwaua? Swali hili ndilo linalobeba dhana ambayo wataalamu wa maadili na sheria ya vita wanaiita pengo la uwajibikaji: mtu amekufa, kuna kosa linaloonekana wazi, lakini ukimfuata kila aliyehusika unakuta hakuna ambaye kosa lile linamwenea.

Kwanza tuweke maneno sawa, maana hapa watu huchanganya. Droni si lazima iwe silaha inayojiamulia. Droni kubwa kama Reaper ina rubani, ila ameketi mbali sana na ndege, anaona kwa kamera, na kombora haliondoki bila yeye kulifyatua. Hata jina “silaha zinazojiendesha” linapotosha kidogo, kwa sababu kujiendesha si tatizo. Ndege za abiria nazo hujiendesha kwa sehemu kubwa ya safari. Tatizo ni kujiamulia: silaha ambayo ikishawashwa inatafuta shabaha, inaichagua na kuipiga bila mtu kuulizwa tena. Harpy ya Israeli ni mfano wa zamani. Ikirushwa, inazungukazunguka juu ya eneo ililopangiwa, inasikiliza mawimbi ya rada, na ikiyapata inajitosa juu ya rada hiyo na kulipuka nayo. Aliyeirusha anajua eneo na aina ya shabaha. Ni rada ipi hasa itakayopigwa, hilo hajui.

Kwa nini basi tusiuwajibishe mtambo wenyewe? Kwa Kiswahili tunasema “risasi ilimpata”, na hakuna anayedhani risasi ina kesi ya kujibu. Kompyuta inaonekana tofauti kwa sababu inachagua, lakini kwa sheria iko upande ule ule wa risasi. Mkataba wa Roma, ulioanzisha Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, unasema katika kifungu cha 25 kwamba mahakama hiyo inashitaki binadamu tu. Kifungu cha 30 kinadai nia na ujuzi: mshitakiwa awe alikusudia, na awe alijua anachokifanya. Programu haikusudii kitu. Inalinganisha vipimo na vigezo ilivyopewa. Tena adhabu haina pa kuishika. Ukiizima, umefanya matengenezo, hujatoa hukumu.

Tunarudi kwa watu, na hapo ndipo pengo linapojitokeza. Kamanda anaweza kujibu kwa makosa ya walio chini yake, kama alijua au alipaswa kujua na hakuzuia. Hiyo ni kanuni ya kifungu cha 28. Lakini kanuni ile inazungumzia askari wanaotenda uhalifu, na mtambo si askari wala hautendi uhalifu. Aliyeandika programu huenda aliimaliza miaka mingi kabla ya vita kuanza, wala hakumkusudia yeyote. Kiwanda nacho, angalau Marekani, kina kinga: mwaka 1988 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliamua kwamba mtengenezaji aliyefuata vipimo vilivyoidhinishwa na serikali, na hakuificha hatari aliyoijua, kwa kawaida hashitakiwi kwa kasoro ya usanifu. Inabaki dola yenyewe. Hiyo kweli inawajibika kwa matendo ya majeshi yake na inaweza kudaiwa fidia, lakini dola haiketi kizimbani kwa mauaji.

Sasa rudi kwenye Tornado, kwa sababu uchunguzi wa Uingereza uliotolewa mwaka 2004 unaonyesha pengo hili linavyojengwa, tofali kwa tofali. Vigezo vya Patriot vya kutambua makombora yanayowinda rada vilitungwa kwa kuzingatia makombora ya kila namna yaliyoko duniani, si yale ambayo Iraki ilijulikana kuwa nayo. Vilikuwa vipana mno, na ndege inayoshuka kutua ikaingia humo. Mafunzo ya wahudumu yaliwafundisha kuchukua hatua haraka na kuuamini mtambo, hayakuwafundisha vya kutosha kutambua tahadhari za uongo. Vifaa vyao vya mawasiliano vilikuwa bado njiani kutoka Marekani, hivyo hawakuwa na picha pana ya anga. Na kifaa cha Tornado cha kujitambulisha, kwa maoni ya wachunguzi, pengine kilikuwa kimeharibika bila waliokuwa ndani kujua.

Ona kwamba katika kisa hiki binadamu alikuwepo. Kidole kilikuwa cha mtu. Lakini alichokiona ni alama kwenye skrini, tayari imeshapewa jina la kombora, inayokuja upande wake, na saa inakwenda. Angesita na ingekuwa kombora kweli, wenzake wangekufa. Kwa hiyo alichofanya ni kuidhinisha uamuzi ambao kwa sehemu kubwa ulishafanyika. Siku kumi baadaye Patriot ziliangusha ndege ya Jeshi la Wanamaji la Marekani, na rubani wake akafa.

Ndiyo maana sikubaliani sana na wanaosema dawa ni kumweka mtu kwenye mnyororo wa maamuzi, basi. Mwaka 2019 nchi zinazojadili suala hili Geneva zilikubaliana kwamba wajibu wa maamuzi ya kutumia silaha lazima ubaki kwa binadamu, kwa kuwa uwajibikaji hauwezi kuhamishiwa mashine. Ni sawa, lakini mtu akiwekwa pale bila muda, bila habari na bila njia halisi ya kukataa, kazi yake inakuwa kupokea lawama tu.

Mchunguzi makini angeanza mbali na kidole. Nani aliidhinisha vigezo vile vipana, na aliambiwa nini kuhusu tahadhari za uongo? Itifaki ya Kwanza ya Mikataba ya Geneva, ya mwaka 1977, katika kifungu cha 36 inazitaka nchi zilizoiridhia kuchunguza kila silaha mpya kabla ya kuitumia, ili kuona kama matumizi yake yatavunja sheria. Marekani haijaridhia itifaki hiyo, ingawa ina utaratibu wake wa kukagua silaha. Uamuzi wa kupeleka kikosi cha Patriot vitani kabla vifaa vyake vya mawasiliano havijafika ulifanywa na mtu mwenye cheo, mchana kweupe, akiwa na muda wa kutosha wa kufikiri. Dakika moja ya usiku ule ilianza kupangwa hapo.