Begi Limechelewa? Piga Picha ya Skrini Kabla Nukta Haijasogea

Abiria wengi siku hizi hutia AirTag, kifuatilizi kidogo cha Apple kinachoonekana kama nukta kwenye ramani ya simu, ndani ya begi kabla ya kulikabidhi kaunta. Ni jambo jema. Lakini begi likichelewa, wengi huja kwangu kuandaa madai wakiwa na nukta moja tu kwenye ramani, ile ya leo. AirTag haikuonyeshi historia ya safari, bali mahali ilipoonekana mara ya mwisho. Nukta ikishasogea, ushahidi wa jana umepotea, isipokuwa kama uliupiga picha.

Kidude chenyewe hakina GPS. Hutoa mawimbi ya Bluetooth, na iPhone ya mtu yeyote anayepita karibu huyanasa na kuripoti mahali hapo. Begi likiwa kwenye stoo isiyopitwa na watu, nukta yaweza kukaa saa nyingi bila kubadilika. Kwa hiyo nukta isomwe pamoja na maandishi yanayoonyesha imeonekana muda gani uliopita. Na kwa kuwa "dakika 12 zilizopita" hazina maana bila tarehe, picha ya skrini ionyeshe saa ya simu, kisha ujitumie kwa barua pepe papo hapo ili tarehe ibaki.

Shirika la ndege nalo lina kumbukumbu zake. Stika ya begi ina namba ya tarakimu 10, na Azimio 753 la IATA, chama cha kimataifa cha mashirika ya ndege, lililoanza Juni 2018, linayataka mashirika yalifuatilie begi linapopokelewa, linapopakiwa, linapohamishiwa ndege nyingine na linaporudishwa kwa abiria. Hali unayoiona kwenye programu ya shirika hutokana na rekodi hizo. Dai lako husimama juu ya namba hiyo na ripoti ya PIR, fomu ya kueleza tatizo la mzigo, unayojaza kwenye dawati la mizigo kabla hujatoka uwanjani. Kifuatilizi peke yake hakitoshi, kwani kinathibitisha kidude kiko wapi, si nani aliyekosea.

Nguvu yake huonekana pale maelezo mawili yanapogongana. Chukua dai moja nililoliandaa, la mama aliyetoka Maskati kwenda Dar es Salaam akibadilisha ndege njiani. Programu ilionyesha begi limepakiwa Maskati, halafu kimya. Akiwa mbele ya mkanda wa mizigo Dar, nukta ilikuwa bado kwenye uwanja wa kubadilishia ndege. Akapiga picha, akajaza PIR, akapewa namba ya faili. Siku ya tatu asubuhi nukta ikahamia uwanja wa Dar. Akafungua ukurasa wa kufuatilia mzigo, bado umeandikwa `TRACING CONTINUES`. Akapiga picha kurasa zote mbili ndani ya dakika chache, akaziambatanisha kwenye barua pepe kwa shirika, pamoja na kiungo cha `Share Item Location`. Kiungo hicho kipo kuanzia iOS 18.2, humwezesha mtu wa shirika kuiona nukta yeye mwenyewe, na huisha baada ya siku 7.

Begi aliletewa siku ya sita. Shirika likakubali kulipa manunuzi ya siku mbili za mwanzo tu, kwa hoja kwamba siku ya tatu begi lilikuwa tayari Dar na angeweza kulifuata. Hapo ndipo zile picha mbili zilipofanya kazi. Begi lilikuwa Dar kweli, lakini mfumo wa shirika ulikuwa unamwambia bado linatafutwa, na barua pepe yake haikujibiwa. Chini ya Mkataba wa Montreal, mkataba wa kimataifa kuhusu dhima ya mashirika ya ndege, shirika hukwepa dhima ya ucheleweshaji likithibitisha lilichukua hatua zote za busara kuzuia hasara. Mzigo uliokaa stoo siku tatu huku mwenyewe ameshaonyesha ulipo unaidhoofisha sana hoja hiyo. Walilipa dawa, nguo na vitu vya kuogea kwa siku zote sita, kila kimoja kwa risiti yake. Viatu alivyonunua bila risiti havikulipwa.

Wengi hudhani PIR ndiyo dai. Siyo, ile ni taarifa tu. Dai la ucheleweshaji liandikwe na kutumwa ndani ya siku 21 tangu ulipokabidhiwa begi, na la uharibifu ndani ya siku 7 tangu ulipolipokea. Begi ambalo halijafika siku 21 baada ya tarehe lililopaswa kufika, unaweza kulidai kama limepotea, hata kama nukta bado inaonekana mahali fulani. Kikomo cha fidia tangu Desemba 28, 2024 ni SDR 1,519, kipimo cha thamani cha Shirika la Fedha la Kimataifa, kwa abiria, zaidi kidogo ya dola 2,000 za Kimarekani. Hicho ni kikomo, si malipo ya moja kwa moja, na hasara unaithibitisha wewe. Shirika likikataa, una miaka 2 ya kwenda mahakamani, kuanzia siku ndege ilipofika au ilipopaswa kufika, na Tanzania, Kenya na Omani zote zimo kwenye mkataba huo.